Bora Kati ya Nani?

Kila tarehe 1 Mei, maandamano ya wafanyakazi yakishapita mbele ya jukwaa, katika viwanja vingi vya Tanzania huanza shughuli ya kuita majina. Wafanyakazi bora wa taasisi mbalimbali husogea mmoja mmoja kupokea cheti, bahasha, pengine friji au televisheni. Wenzao hupiga vigelegele kwa sababu wanajua kilicho nyuma ya jina lile. Wanajua kama kura zilipigwa au mkuu wa idara alichagua mwenyewe, na wanamkumbuka aliyeshindwa kwa kura chache.

Mwaka unapita, mshindi anaomba kazi kwingine. Chini kabisa ya wasifu wake, ile karatasi ambayo wengi huiita sivii, anaandika maneno mawili na mwaka: Mfanyakazi Bora, 2023. Anayesoma ni afisa rasilimali watu ambaye hakuwepo uwanjani. Hajui taasisi ile ina watu 12 au 1,200. Hajui kama mshindi alikuwa bora wa idara yenye watu watano au wa taasisi nzima. Anapita mstari ule kama anavyopita mstari unaosema mwombaji anapenda kusoma na kusafiri.

Afisa huyo ana sababu ya kuupita. Waliokaa maofisini wanajua kwamba "mfanyakazi bora wa mwezi" katika sehemu nyingi huenda kwa zamu: Januari mapokezi, Februari uhasibu, Machi madereva, ili pasiwe na manung'uniko. Kwingine tuzo huenda kwa aliyewahi kufika, na kwingine hutolewa kwa bahati tu. Mwaka 2016 watafiti Timothy Gubler, Ian Larkin na Lamar Pierce walichapisha uchunguzi wao kuhusu kiwanda kimoja cha kufulia nguo nchini Marekani kilichoanzisha tuzo ya mahudhurio. Mfanyakazi aliyemaliza mwezi bila kuchelewa wala kukosa kazi bila ruhusa aliingizwa kwenye bahati nasibu, na mshindi alipewa kadi ya zawadi ya dola 75. Baadhi ya wafanyakazi walijifunza kuucheza mfumo: waliwahi kazini wakiwa bado na nafasi ya kuingia kwenye droo, na nafasi ikishapotea wakarudia kuchelewa. Waliokuwa wakiwahi siku zote bila kuahidiwa chochote ndio waliopunguza kasi ya kazi. Sasa mshindi wa droo ile akiandika "nilipata tuzo", atakuwa amesema kweli, na msomaji atakuwa hajaambiwa chochote kuhusu kazi yake.

Kwa hiyo mgeni anahitaji kujua nani alichagua, alichagua kati ya watu wangapi, na alitazama nini. Lakini hata hayo hayatoshi, na hapa ndipo waandishi wengi wa wasifu wanapokosea mpangilio. Wanatanguliza jina la tuzo kisha wanalipamba: tuzo ya heshima, tuzo ya kifahari, tuzo iliyogombewa vikali. Kinachomvutia mwajiri ni kile kitendo kilichosababisha tuzo itolewe. Kitendo ndicho kitangulie, na tuzo ije nyuma yake kama shahidi.

Tuchukue mfano wa kubuni. Karani wa vifurushi katika kampuni moja ya mabasi, kwenye Stendi ya Magufuli pale Mbezi, Dar es Salaam, anaomba kazi katika kampuni ya usafirishaji wa mizigo jijini Nairobi. Ameandika: "Mfanyakazi Bora wa Mwezi, Machi 2023." Jirani yake mwenye uzoefu wa kuajiri anaisoma na kumuuliza.

"Dada, walikuchaguaje?"

"Msimamizi wa kituo aliangalia daftari la malalamiko. Mwezi ule dirisha langu lilikuwa na malalamiko machache."

"Machache kuliko nini?"

Hapo karani inabidi afikiri. Februari dirisha lake lilikuwa na malalamiko 19 ya vifurushi vilivyochelewa au kupotea. Machi yalibaki 6. Anaulizwa alifanya nini, anajibu kana kwamba ni jambo dogo: alikuwa akimpigia simu mpokeaji basi likiwa bado njiani, akamwambia namba ya gari na saa ya kufika, na namba ya risiti akaiandika kwa kalamu nene juu ya mfuko wenyewe. Kabla ya hapo mizigo ilishushwa, ikakaa stoo bila mtu kuifuata, ikachanganyika na ya siku iliyofuata.

Kituo kilikuwa na wafanyakazi 34. Kampuni nzima ilikuwa nao zaidi ya 400, na karani angependa sana kuitumia namba hiyo kubwa. Jirani anamkataza. Wafanyakazi wa Mwanza na Mbeya hawakushindanishwa naye, na swali moja tu la usaili, "Kwa hiyo matawi yote yalishiriki?", lingeuangusha mstari mzima pamoja na mistari mingine ya kweli iliyo jirani nayo.

Baada ya mazungumzo hayo mstari ukasomeka hivi: "Nilipunguza malalamiko ya vifurushi kwenye dirisha langu kutoka 19 hadi 6 ndani ya mwezi mmoja kwa kuwapigia wapokeaji simu kabla basi halijafika, msimamizi wa kituo alinichagua Mfanyakazi Bora wa Machi 2023 kati ya wafanyakazi 34." Ni mrefu kuliko wa kwanza, lakini hauna sifa hata moja ya kujipa mwenyewe. Mtu wa Nairobi asiyewahi kuiona stendi ile anaelewa karani alikuta nini, akafanya nini, na nani aliliona. Mstari huu hauwekwi chini kabisa kwenye kichwa cha "Tuzo". Unakaa chini ya kazi yenyewe ya ukarani, mahali ambapo msomaji anaangalia kwanza.

Asiyekumbuka takwimu asizitunge. Anaweza kuuliza ofisi ya zamani, na mara nyingi mtu wa utumishi atakumbuka kituo kilikuwa na watu wangapi. Akikosa, aseme alichokuwa na uhakika nacho: "kwa kura za wafanyakazi wenzangu wa kitengo cha maabara" ni maelezo yenye maana hata bila idadi, kwa sababu kura za wenzako na uteuzi wa bosi ni mambo mawili tofauti. Kura zinasema wanaofanya kazi na wewe kila siku wanakuamini. Uteuzi wa bosi unasema kazi yako ilionekana juu.

Ufadhili wa masomo una mtego wa aina nyingine. Jina lake mara nyingi linajulikana sana nyumbani, kiasi kwamba mwenye nalo hafikirii kwamba kuna mtu asiyelijua. Kenya, kijana akisema alisoma kwa Wings to Fly, karibu kila mtu anaelewa. Huo ni mpango ulioanzishwa mwaka 2010 na taasisi ya Equity Group Foundation pamoja na Mastercard Foundation, wa kuwasomesha sekondari watoto waliofaulu vizuri lakini wanaotoka katika familia zisizojiweza. Msomaji wa Muscat au Toronto akiliona jina hilo peke yake anaweza kudhani ni punguzo la tiketi za ndege.

Mpango huo pia unaonyesha jambo ambalo wengi huona haya kulieleza. Ufadhili huweza kutolewa kwa ufaulu, kwa uhitaji, au kwa vyote viwili, na mgeni hana njia ya kujua ni upi. Mwombaji haitaji kusimulia umaskini wa wazazi wake. Inatosha kuandika kwamba ufadhili ulilipia miaka minne ya sekondari na kwamba walioteuliwa walichujwa kwa matokeo ya mtihani wa kumaliza msingi na kwa usaili wa kamati ya eneo. Msomaji atajua kwamba palikuwa na mchujo.

Tanzania kuna mfano mgumu zaidi. Ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023, huwalipia gharama za chuo kikuu wanafunzi waliofanya vizuri sana masomo ya sayansi kidato cha sita wanaokwenda kusoma sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati au tiba. Unasimamiwa na Bodi ya Mikopo. Mfadhiliwa akiandika tu kwamba masomo yake yaligharamiwa kupitia HESLB, msomaji wa Dar es Salaam atafikiria mkopo wa kawaida, ule wa bumu na makato ya mshahara. Maneno machache yanaondoa utata: hautakiwi kurejeshwa, na hutolewa kwa ufaulu wa sayansi katika mtihani wa taifa. Wapo pia wanaofanya kinyume, wanaoupandisha mkopo cheo na kuuita ufadhili. Hilo hugundulika haraka, kwa kuwa makato ya bodi huonekana kwenye karatasi ya mshahara.

Na ufaulu wenyewe nao unahitaji kipimo. Mhitimu wa kidato cha sita aliyepata wani ya tatu amepata alama A katika masomo yote matatu ya tahasusi yake. Kwa Mtanzania hakuna kilicho juu ya hapo. Uganda, mambo yamegeuzwa: pointi zikiwa nyingi ndivyo bora, na kilele cha kidato cha sita ni 20. Mganda akiona "pointi 3" anaweza kumhurumia mwombaji. Chuo kikuu hali ni hiyohiyo. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam daraja la kwanza huanzia GPA ya 4.4, katika kipimo kinachoishia 5. Vyuo vingi vya Marekani huishia 4, na huko 4.4 inaweza kuonekana kama kosa la uchapaji, au uongo wa wazi. Dawa yake ni fupi: "GPA 4.4 kati ya 5, daraja la kwanza", "Divisheni ya Kwanza, pointi 3, ambayo ndiyo alama ya juu kabisa".

Kuna vyeti ambavyo maelezo hayaviokoi. Cheti cha ushiriki wa semina ya siku mbili kinathibitisha kwamba mtu alikaa ukumbini, na kukiweka kwenye orodha ya tuzo hupunguza thamani ya zile za kweli zilizo juu yake. Tuzo ya zamu nayo, mwenye kuipata anajua moyoni kwamba zamu yake ilifika tu, na akiulizwa kigezo hatakuwa na jibu. Heri aandike kazi aliyofanya mwezi ule na aiache tuzo.

Muda nao huchuja. Ufadhili wa sekondari una nguvu kwa anayeomba kazi ya kwanza, lakini kwa mhandisi mwenye miaka kumi kazini unabaki maneno manne chini ya elimu yake. Karani wetu akishakuwa msimamizi wa kituo, jina la tuzo ya Machi 2023 linaweza kufutwa bila hasara. Yale malalamiko 19 yaliyoshuka hadi 6 bado yana kazi ya kufanya, hasa kama vituo vingine viliiga simu zake.