Hewa Inapoizamisha Helikopta Yenye Injini Nzima

Mwaka 2020, nzige walipoivamia Isiolo, wengi wetu tulizoea kuona helikopta zikipita chini chini juu ya migunga, zikitua hapa na pale kwenye uwanda mkavu. Aliyesimama karibu na moja ikitua atakumbuka vumbi. Lilipigwa chini, likasambaa pande zote, kisha ukingo wake ukajikunja kwenda juu na kumrudia rubani utosini. Kwa sekunde chache vumbi hilo huonyesha jambo ambalo kwa kawaida halionekani: hewa iliyotupwa chini na rota inaweza kupinda na kurudi kupitia juu.

Karibu na ardhi mzunguko huo humsumbua rubani kwa sababu unamziba macho. Lakini hewa ikijikunja hivyo mita 80 au 100 juu, mahali pasipo na vumbi la kuionyesha, helikopta inaweza kuporomoka huku injini ikinguruma bila kasoro yoyote. Tuite hali hiyo pete ya kisulisuli.

Ili kuielewa, tuanze na kazi ya rota. Helikopta hukaa angani kwa kuchukua hewa iliyo juu yake na kuisukuma chini. Chukua H125, helikopta ya injini moja inayotumika sana Kenya, ikiwa na uzito wa kilo 2,250. Uwanja wa Isiolo uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na mchana wa nyuzi 30 hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Ukipiga hesabu, ili isimame tuli hewani, rota yake lazima ipitishe karibu tani moja ya hewa kila sekunde, na hewa hiyo ipite kwenye mapanga kwa mwendo wa mita 11 hivi kwa sekunde. Ni mto wa upepo unaomiminika chini bila kukoma.

Sasa helikopta ianze kushuka wima. Ikishuka polepole, mita moja kwa sekunde, hakuna neno. Mto ule wa upepo unakwenda kasi kuliko yenyewe, kwa hiyo unaiacha na kupotelea chini. Lakini ikishuka mita tano au sita kwa sekunde, yaani karibu nusu ya mwendo wa hewa yake, inaanza kuukimbilia upepo iliousukuma yenyewe. Hewa inayopanda kutoka chini inakutana na hewa inayotupwa chini, na haina pa kwenda ila kando. Inazunguka ncha za mapanga, inapanda, na kuvutwa tena ndani kutoka juu. Rota imevaa pete ya hewa inayojizungusha kama mandazi yenye tundu katikati.

Hapo ndipo nguvu ya kuinua inapopotea. Panga hupata mshiko kwa kuichukua hewa iliyotulia na kuitia mwendo wa kwenda chini. Hewa iliyo ndani ya pete tayari inakwenda chini kabla panga halijaigusa. Nguvu ya injini bado inatumika, tena nyingi, lakini inaishia kuizungusha hewa ile ile. Karibu na kitovu mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu huko mapanga hukata hewa kwa mwendo mdogo na upepo unapenya kutoka chini kwenda juu.

Rubani akiona anazama, mkono wake wa kushoto unavuta wenzo wa kupandisha. Siku nyingine zote hilo ndilo jambo sahihi. Wenzo huo huongeza mwinamo wa mapanga, mapanga husukuma hewa zaidi, na helikopta hupanda. Ndani ya pete, hewa zaidi ni chakula cha pete. Inanenepa, na kuzama kunaongezeka. Kwa maoni yangu hili ndilo la kutisha kuliko yote, kwamba mkono uliofunzwa kuokoa ndio unaozidisha anguko.

Upepo wa huku kwetu unaweza kumfikisha rubani hapo bila yeye kujua. Tuseme anakuja kutua kando ya laga kavu, na upepo wa kilomita 25 kwa saa unampuliza kutoka nyuma. Akitazama chini, anaona vichaka vikipita kwa mwendo huo huo wa kilomita 25, na anaamini bado anasonga mbele. Macho yake yanapima ardhi, lakini rota inaishi kwenye hewa, na katika hewa amesimama. Laiti angekuwa anakwenda zaidi ya kilomita 55 kwa saa ndani ya hewa, angekuwa anaiacha nyuma hewa aliyoichafua na kuingia kwenye hewa safi kila sekunde. Sasa anaona yuko juu mno na atapita mahali pa kutua, kwa hiyo anashusha wenzo ili azame haraka. Mita mbili kwa sekunde zinakuwa sita. Helikopta inaanza kutetemeka kama gari lililoingia kwenye murram yenye matuta, pua inayumba yenyewe, usukani unakuwa mlegevu. Anavuta wenzo. Sita zinakuwa kumi na tano. Kama alikuwa mita 80 juu, amebakiwa na sekunde tano hivi.

Watu hapa wanaweza kusema ni joto la Isiolo. Joto na mwinuko huipunguzia injini nguvu na rota mshiko, na helikopta iliyojazwa kupita kiasi inaweza kushindwa kujibeba. Hilo ni tatizo jingine. Pete huikamata hata helikopta yenye nguvu ya kubaki. Tarehe 8 Aprili 2000, huko Marana, Arizona, ndege ya kijeshi ya Marekani aina ya V-22, yenye rota mbili kubwa, ilikuwa ikishuka usiku kwa zaidi ya mita kumi kwa sekunde huku mwendo wake wa mbele ukiwa mdogo. Rota ya kulia iliingia kwenye pete, ile ya kushoto ikaendelea kubeba. Ndege ikabiringika na kuanguka. Wanajeshi wote 19 waliokuwamo walikufa.

Njia ya kutoka ni kuikimbia hewa hiyo. Kwa miaka mingi marubani walifundishwa kusukuma usukani mbele na kushusha wenzo, mpaka mwendo urudi. Inafanya kazi, ila inakula kimo kingi kabla haijafaulu. Rubani wa Uswisi, Claude Vuichard, alieneza njia ya kutoka kwa ubavu. Katika H125, ambayo rota yake huzunguka kisaa ukiitazama kutoka juu, rubani anailaza helikopta kushoto, anakanyaga pedali ya kulia ili pua isigeuke, na wakati huo huo anavuta wenzo. Rota ya mkiani inasaidia kusukuma upande huo huo, na rota kuu inatoka kwenye pete kupitia ukingoni. Ikifanywa mapema, kimo kinachopotea kinaweza kuwa mita sita hadi kumi na tano tu.

Bora zaidi ni kutoingia. Marubani hufundishwa wasishuke zaidi ya futi 300 kwa dakika, kama mita moja na nusu kwa sekunde, wanapokuwa na mwendo mdogo, na watue wakiukabili upepo. Ndiyo maana helikopta iliyokuja kumchukua mgonjwa manyattani huzunguka kwanza, hata kama jamaa wanapunga leso na kuita. Rubani anatafuta vumbi la mifugo, majani yaliyolala upande mmoja, au moshi wa jiko. Moto mdogo wa majani mabichi, ukiwashwa mbali na mahali pa kutua, upande ule ambao upepo unaelekea, unamwambia ajie wapi.