Nyama Isiguse Chini: Kilichomo Nyuma ya Tangazo la Mkutano

TANGAZO. Wanakijiji wote, hasa wachinjaji, wachunaji, wenye bucha na mama lishe, mnaalikwa kwenye mkutano wa kijiji Jumamosi saa 3 asubuhi, uwanja wa ofisi ya kijiji. Ajenda: usafi wa kuchinja. Tutazungumza juu ya (1) maji ya karoni, (2) visu na mashoka, (3) damu, taka za tumboni na shimo, (4) nyama isiguse chini. Bwana mifugo atakuwepo. Kila mchinjaji aje na kisu chake. Mtendaji wa Kijiji.

Tangazo la namna hii mtu hulisoma amesimama juani, kisha akaenda zake akisema kuosha nyama hakuhitaji mkutano. Hapo ndipo penye kosa. Nyama ya mnyama mwenye afya, ikiwa bado chini ya ngozi, ni safi. Vijidudu vinavyoiozesha na kuwaharisha walaji viko pande mbili: nje, kwenye manyoya na kwato, na ndani, tumboni na kwenye utumbo. Kazi ya mchunaji ni kuitoa nyama katikati ya uchafu huo bila kuugusa. Akishindwa, hata ndoo kumi za maji hazimsaidii. Ningepewa kalamu na mtendaji, ajenda ya nne ningeiandika ya kwanza.

Tumchukue ng'ombe mmoja wa kienyeji, wa kilo 250 hivi, atakayechinjwa alfajiri ya siku ya gulio kwenye karo la zege lisilo na winchi. Vijiji vingi havina hata hilo karo. Kuna mti, majani ya mgomba na wazee wawili wenye visu. Maandalizi yanaanza jana yake jioni: ng'ombe anatengwa na malisho lakini anaachiwa maji ya kunywa. Tumbo lililoshiba huvimba na kubana, na kisu kikiteleza kidogo tu limepasuka. Asubuhi bwana mifugo anamwangalia akiwa hai, akitembea. Aliyekutwa amekufa hachinjwi wala hapasuliwi, hasa akiwa anatoka damu puani au mkunduni, damu isiyoganda. Huenda ni kimeta, na vimelea vya kimeta vikishapata hewa hugeuka mbegu ngumu zinazokaa udongoni miaka na miaka. Kwa mnyama huyo, bwana mifugo aitwe kabla ya kisu.

Ng'ombe akishachinjwa, damu ikakauka na miguu ikatulia, ndipo kuchuna kunaanza. Pasipo winchi analazwa chali, amezuiwa kwa magogo mawili ubavuni asipinduke. Mchunaji anachanja ngozi kidogo kifuani, anaingiza ncha ya kisu chini yake, kisha anageuza makali yaangalie juu na kupasua kuelekea nyuma, kutoka ndani kwenda nje. Ukipasua kutoka nje kwenda ndani, makali yanapita kwanza kwenye manyoya yenye tope na samadi, na kila unyoya unaokatwa unaangukia kwenye nyama. Njia zote mbili zinachukua muda uleule.

Mkono mmoja unashika ngozi, mwingine unashika kisu. Mkono wa ngozi haugusi nyama mpaka unawe. Ngozi inavutwa kwa nje na kutandazwa kila upande, upande wa ndani ukitazama juu, mpaka mnyama abaki amelala juu ya ngozi yake mwenyewe. Huo ndio mkeka wa pekee ninaoukubali kwa ng'ombe asiyeweza kuning'inizwa. Jani la mgomba ni jema kuliko udongo, lakini linachanika, linateleza, na upande uliogusa chini huishia kugeuzwa juu mtu anapolisogeza kwa mguu. Gunia ni baya kuliko vyote, kwa sababu linanyonya damu na hakuna anayelifua. Mbuzi na kondoo hawana sababu ya kulazwa kabisa: boriti iliyo juu mita 2 kutoka ardhini na kulabu mbili zinatosha, naye achunwe akining'inia. Kwa ng'ombe boriti huhitaji kuwa juu zaidi ya mita 3, pamoja na mnyororo, na fedha ya mnyororo ndiyo itakayoleta ubishi Jumamosi.

Baada ya ngozi linakuja tumbo, na hapa ndipo siku inapoharibika. Kabla ya kulifungua, miisho miwili inafungwa kwa kamba safi: umio shingoni, ili majani yaliyochacha yasirudi nje, na mwisho wa utumbo mkubwa huku nyuma, ukizungushiwa kisu taratibu, ukavutwa na kufungwa fundo. Kisha tumbo linapasuliwa makali yakitazama nje, vidole viwili vikitangulia kuusukuma utumbo mbali na ncha. Yote hayo ni kazi ya dakika tano.

Sasa tuseme fundo limelegea na majimaji ya kijani yamemwagikia paja. Wachunaji wengi niliowaona huchukua ndoo papo hapo na kumwaga maji. Rangi ya kijani inaondoka, kila mtu anaridhika. Kilichotokea ni kwamba uchafu uliokuwa mahali padogo umetiririka pajani kote hadi mbavuni, na nyama iliyolowa imekuwa makao mazuri zaidi ya vijidudu kuliko ile kavu. Kitambaa nacho hufanya vivyo hivyo, tena kinahamia kwa mnyama wa pili. Sehemu iliyochafuka inakatwa na kutupwa, pamoja na ukingo mdogo wa nyama safi kuizunguka, kwa kisu ambacho baada ya hapo kinaoshwa. Mwenye nyama atalalamika kwamba amepoteza robo kilo. Ni kweli amepoteza.

Kwa hiyo maji ni ya nini? Ni ya mikono, ya visu, ya sakafu, na mwishoni kabisa ya kusuuzia vumbi la mifupa na damu pale msumeno ulipopita. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, hukadiria machinjio madogo yenye bomba yanahitaji kama lita 1,000 kwa ng'ombe na 100 kwa mbuzi. Hizo lita 1,000 ni ndoo 50 za lita 20, na nani atazibeba toka kisimani? Ninachopendekeza kwa karo letu ni pipa moja la lita 200 kwa ng'ombe na madumu mawili ya lita 20 kwa mbuzi, kwa masharti. Pipa liwe na koki chini, au maji yachotwe kwa kata yenye mpini mrefu, mkono usizamishwe. Kwa maana ukitaka kujua ndoo ya pamoja ina nini, itazame ini linapofika kusuuzwa: imekwisha kuwa supu ya mikono, visu na utumbo wa saa nzima.

Maji ya kisima au ya mto yatiwe klorini nusu saa kabla. Kwa pipa la lita 200 la maji yasiyo na tope, klorini ya majimaji yenye nguvu ya asilimia 5 inatiwa vijiko vinne vya chai. Kama chupa imeandikwa asilimia 3.5, vijiko sita. Yenye marashi isitumike. Maji yenye tope yachujwe kwanza kwa kitambaa na kuachwa yatulie, kwa kuwa tope linaimaliza dawa kabla haijafanya kazi. Ya kuoshea sakafu si lazima yatiwe dawa, hapo pipa litaokoka.

Juu ya visu, mtendaji amewataka wachinjaji waje navyo, na sababu yake ni ya kuonekana: mipini. Mpini wa mti una nyufa, na nyufa zina mafuta ya mwaka jana. Mwenye uwezo anunue kisu cha mpini wa plastiki. Asiye na uwezo awe na visu viwili, hata vya mti, na sufuria ya maji juu ya jiko la mkaa pembeni ya karo. Kimoja kinafanya kazi, kingine kiko majini. Kiwango cha joto kinachotakiwa machinjioni ni nyuzi 82. Kijijini hakuna kipimajoto, basi maji yawe karibu ya kuchemka, mvuke unapanda na mapovu madogo yanaanza chini. Kabla ya kutumbukiza, kisu kioshwe damu kwa maji baridi na sabuni, vinginevyo damu inapikika na kugandamana juu ya chuma. Kisu kinabadilishwa baada ya kupasua ngozi, baada ya kufunga mkundu, na kila kilipokata tezi iliyovimba au jipu. Shoka na gogo la kukatia ni shida nyingine: gogo haliwezi kusafishwa likasafishika, na ningependa kijiji kiamue kununua msumeno wa nyama.

Zimebaki taka. Ng'ombe wetu atatoa kama lita nane hadi kumi za damu, na tumbo lake kilo 25 au zaidi za majani yaliyosagika. Majani hayo si ya kutupa. Yakirundikwa mahali pa kivuli na kugeuzwa ni mboji nzuri ya bustani. Damu na viungo vilivyokataliwa ndivyo vya shimo: kina cha mita 2 hadi 2.5, mfuniko wa zege wenye tundu la kufungika, umbali wa mita 30 au zaidi kutoka kisimani na chini yake kwenye mteremko, na sakafu yake iwe juu ya maji ya ardhini kwa mita moja na nusu. Penye mchanga wa pwani, ambako ukichimba kidogo tu maji yanatoka, shimo hilo halifai, viungo vichomwe.

Mfuniko ndio nisioweza kuupunguzia bei. Bwana mifugo akipasua mapafu au ini, mara nyingine hukuta vifuko vyeupe vilivyojaa maji maangavu, vingine kama yai la kuku. Mchinjaji huvikata na kumtupia mbwa anayesubiri. Ndani ya kifuko huweza kuwamo vichwa vidogo sana vya tegu, na katika utumbo wa mbwa kila kimoja huweza kuwa tegu wa milimita chache, asiyemuumiza mbwa hata kidogo. Baada ya wiki sita au saba mbwa huyo anatoa mayai kwenye kinyesi, mayai yanashika manyoya yake, na mtoto anayemkumbatia anayapeleka mdomoni. Kifuko kilekile kinaota kwenye ini la mtoto, polepole, miaka bila dalili, mpaka tumbo lionekane. Turkana, kaskazini mwa Kenya, ni miongoni mwa sehemu zilizojulikana duniani kwa ugonjwa huu, na kwa wafugaji wa kaskazini mwa Tanzania si mgeni. Anayetaka kumlisha mbwa wake mapafu ayachemshe nusu saa na zaidi. Mengine yote shimoni, na tundu lifungwe.

Ndiyo maana pia mapafu, ini, kichwa na bandama havitenganishwi na nyama kabla ya ukaguzi. Wenye bucha wana tabia ya kuliwahi ini kwa mteja wa asubuhi. Bwana mifugo akifika anakuta mizoga minne na maini matatu, naye hawezi kujua lililokosekana lilikuwa la yupi.

Haya yote yana gharama: pipa, mkaa, mtu wa kuchota maji, mfuniko, siku moja mnyororo. Mkutano wa Jumamosi unaweza kujadili ada ya kila mnyama na kuiweka kwenye sheria ndogo, ambayo halmashauri ya kijiji huitunga na kuipeleka halmashauri ya wilaya ikapate idhini. Kama fedha zitatosha kitu kimoja tu mwaka huu, ushauri wangu ni boriti na kulabu za mbuzi, kwa kuwa mbuzi ndiye anayechinjwa kila siku na anayelazwa chini kila siku. Mfuniko wa shimo ufuate kabla ya masika.