Barua Inayopaswa Kufika Jikoni

Barua nyingi za wazazi kuhusu chakula huishia kwenye faili la mwanafunzi, na mpishi hasomi faili. Mzazi ambaye mwanawe hapatani na maziwa anawaandikia watu watatu kwa mpigo: mwalimu mkuu mwenye ruhusa, mwalimu wa darasa anayemwona mtoto akijishika tumbo, na mama wa jikoni mwenye upawa.

Tuseme mtoto yuko darasa la tatu, shule ya kutwa jijini Dar es Salaam. Saa nne wanakunywa uji uliotiwa maziwa ya unga. Saa saba ni wali na maharage, na siku nyingine viazi vya kuponda. Kila siku ya uji, ikifika saa tano, anaomba ruhusa ya kwenda chooni mara mbili tatu, na mwalimu ameanza kudhani anakimbia hesabu.

Saa zenyewe ndizo zinazoeleza shida. Maziwa yana sukari yake iitwayo laktosi, ambayo huvunjwa kwenye utumbo mwembamba na kimeng'enya cha laktesi. Kwa watu wengi duniani kimeng'enya hicho hupungua taratibu baada ya utoto, ndiyo maana mtoto aliyekunywa maziwa chekechea bila tabu anaweza kuanza kusumbuka akiwa shule ya msingi. Sukari isiyovunjwa huvuta maji, kisha hushuka hadi utumbo mpana ambako bakteria huichachusha na kutoa gesi. Tumbo hujaa, hunguruma, husokota na pengine kuhara, mara nyingi kati ya nusu saa na saa mbili baada ya kula.

Barua yenyewe inaweza kuwa hivi:

YAH: CHAKULA CHA SHULENI KWA MWANANGU, DARASA LA TATU

Mwalimu Mkuu, husika na kichwa cha habari hapo juu. Mwanangu hawezi kumeng'enya sukari ya maziwa. Cheti cha daktari nimekiambatanisha. Huu si mzio: akionja kidogo hatapata madhara makubwa, ila kikombe kizima humletea msokoto na kuhara. Naomba uji wake uchotwe kabla maziwa hayajatiwa. Siku ya viazi vya kuponda, naomba awekewe viazi vilivyochemshwa tu. Maharage ya nazi, samaki, dagaa, nyama na mayai anakula bila shida. Akiomba kwenda chooni, naomba aruhusiwe bila kuulizwa mbele ya wenzake. Naomba pia akae meza moja na wenzake. Endapo jikoni itashindikana siku yoyote, nijulishwe nimfungashie chakula. Wako katika ujenzi wa taifa.

Sentensi ya mzio ndiyo yenye uzito kuliko zote. Mzio wa maziwa unatokana na kinga ya mwili kupambana na protini. Tone tu linaweza kumvimbisha mtoto midomo au kumbana pumzi, na hapo hata upawa wa pamoja ni hatari. Kwa laktosi, kinachoamua ni kiasi. Kikombe cha mililita 250 kina takribani gramu 12 za sukari hiyo, na wengi huvumilia sehemu yake, hasa wakinywa pamoja na chakula. Mzazi akiandika tu "hatumii maziwa", jikoni wataogopa kupita kiasi au watapuuza kabisa.

Tui la nazi limetajwa makusudi. Mpishi akiambiwa maziwa ni marufuku, anaweza kumnyima mtoto hata maharage ya nazi, ilhali tui halina laktosi. Siagi na samli zina kidogo mno. Mtindi huwasumbua wengi kidogo zaidi kuliko maziwa freshi, kwa kuwa bakteria wake wameshakula sehemu ya sukari. Kuchemsha hakusaidii: laktosi haiondoki kwa moto.

Dagaa nao wana kazi yao. Mtoto anayepunguziwa maziwa anahitaji kupata kalsiamu kwingine, na dagaa wanaoliwa na mifupa yake wanayo tele.

Cheti cha daktari hakitolewi kwa kukisia. Mara nyingi mtoto huondolewa maziwa kwa wiki mbili, kisha hurudishiwa ili ionekane kama dalili zinarudi. Baadhi ya hospitali hupima hewa anayotoa puani na mdomoni baada ya kunywa laktosi. Ikiwa maumivu yalianza baada ya kuhara vibaya, huenda hali ni ya muda, utumbo ukipona naye atapona. Barua hiyo iandikiwe muhula mmoja tu. Na kama uji wake unachotwa kando kweli lakini tumbo bado linamsumbua, au ana damu kwenye choo, homa, au anapungua uzito, basi chanzo si maziwa ya shule peke yake, na safari ya pili kwa daktari isisubiri likizo.