Barua ya Mapendekezo kwa Aliyekuwa Mtumishi: Nini Kifanyike Inapoombwa Bila Maelezo

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Waajiri wengi, hasa wenye biashara ndogo na za kati, hupokea maombi ya barua ya mapendekezo kutoka kwa watu waliowahi kuwaajiri. Mara nyingi ombi huwa la sentensi moja tu. Halisemi mwombaji alifanya kazi gani, alianza na kumaliza lini, wala barua inakwenda wapi. Mwajiri hubaki na njia mbili zisizofaa: kuandika sifa za jumla kwa kukisia, au kunyamaza hadi muda wa maombi ya kazi upite. Makala haya yanaeleza njia ya tatu.

Jambo la kwanza ni kutofautisha nyaraka mbili ambazo wananchi wengi huzichanganya. Cheti cha utumishi ni haki ya mfanyakazi. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri kumpatia mfanyakazi cheti hicho mara ajira inapokoma. Cheti huthibitisha kuwa ajira ilikuwepo. Barua ya mapendekezo ni kitu kingine: ni maoni ya mtu aliyemsimamia mfanyakazi kuhusu utendaji wake, na kifungu hicho hakimlazimishi mwajiri kuyatoa. Kwa hiyo, mfanyakazi ambaye hakuwahi kupewa cheti cha utumishi ana haki ya kukidai, lakini barua ya mapendekezo anaiomba.

Tofauti hii ina uzito kwa sababu barua hubeba mambo ya aina mbili. Tarehe na cheo ni taarifa, na taarifa hutoka katika kumbukumbu. Sifa ni ushuhuda, na ushuhuda hutoka kwa mtu aliyeona. Ombi lisilo na maelezo humshawishi mwandishi kukisia yote mawili.

Tuchukue mfano wa mmiliki wa hoteli mjini Morogoro anayepokea ujumbe huu kwenye simu: “Shikamoo mama. Naomba unisaidie barua ya mapendekezo, inahitajika Ijumaa. Asante sana.” Mmiliki anamkumbuka kijana huyo kuwa alikuwa mtunza stoo kwa “kama miaka mitatu hivi.” Akiandika kwa kumbukumbu hiyo, barua itakuwa na makosa mawili.

Kabla ya kuandika, anafungua jalada la mfanyakazi. Kifungu cha 15 cha Sheria hiyo kinamtaka mwajiri kuwa na maelezo ya maandishi ya kila mfanyakazi, yakiwemo maelezo ya kazi yake na tarehe aliyoanza, na kuyahifadhi kwa miaka mitano baada ya mkataba kukoma. Katika jalada anakuta kuwa kijana aliajiriwa tarehe 1 Machi, 2021 akiwa mhudumu wa chumba cha chakula, akahamishiwa stoo tarehe 1 Januari, 2022, na akaacha kazi kwa hiari tarehe 30 Septemba, 2023. Ajira yote ilikuwa ya miaka miwili na miezi saba, na kati ya hiyo alikuwa mtunza stoo kwa mwaka mmoja na miezi tisa tu.

Endapo jalada halipatikani, orodha za malipo ya mishahara na kumbukumbu za michango ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) husaidia kujua miezi aliyolipwa. Tahadhari ni kwamba michango huonesha mwezi, haioneshi siku. Mahali ambapo siku haijulikani, ni sahihi kuandika “kuanzia Machi, 2021” badala ya kubuni tarehe.

Kosa la tarehe linaweza kumgharimu mwombaji kazi yenyewe. Mwajiri mpya huilinganisha barua na wasifu pamoja na cheti cha utumishi. Wasifu ukisema miaka miwili na miezi saba na barua ikasema mitatu, anayetiliwa shaka ni mwombaji, ingawa aliyekosea ni mwandishi wa barua.

Hatua inayofuata ni kumjibu mwombaji siku hiyohiyo. Katika mfano wetu, mmiliki anaandika: “Marahaba mwanangu. Nipo tayari kukuandikia. Nijulishe unaomba kazi gani na wapi, barua iandikwe kwa nani, na mambo mawili au matatu uliyoyafanya hapa ambayo ungependa niyaeleze. Nitumie pia wasifu wako na tangazo la kazi. Nikipata leo jioni, barua itakuwa tayari Alhamisi.”

Kijana anajibu kuwa anaomba kazi ya mtunza ghala katika kampuni inayosambaza dawa. Anataja kwamba alianzisha kadi za stoo kwa kila bidhaa, kwamba alipanga bidhaa ili zilizoingia kwanza zitoke kwanza, na kwamba alipunguza upotevu kwa nusu. Mmiliki aliziona kadi hizo na alikuwa akizikagua kila mwisho wa mwezi. Mpangilio wa bidhaa pia aliushuhudia. Lakini kuhusu upotevu kupungua kwa nusu, hana hesabu zinazothibitisha. Jambo hilo analiacha, na anamweleza kijana sababu.

Kiini cha barua kinakuwa hivi: “Alifanya kazi katika hoteli hii kuanzia tarehe 1 Machi, 2021 hadi tarehe 30 Septemba, 2023, kwanza akiwa mhudumu, na kuanzia tarehe 1 Januari, 2022 akiwa mtunza stoo chini ya usimamizi wangu. Alianzisha kadi za stoo kwa kila bidhaa, na katika ukaguzi wangu wa kila mwezi nilizikuta zimejazwa. Alipanga bidhaa ili zilizoingia kwanza zitoke kwanza. Aliacha kazi kwa hiari yake.” Sentensi hizi chache zinamfaa mwajiri wa ghala la dawa kuliko ukurasa mzima unaosema “ni mchapakazi, mwaminifu na mwenye nidhamu.”

Yapo pia yasiyopaswa kuingia. Afya ya mtumishi, namba yake ya kitambulisho na mambo ya familia yake hayahusiani na ombi hili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Vilevile, ikiwa anayeomba maelezo si mtumishi mwenyewe bali ni kampuni au mtu mwingine, mwajiri apate kwanza ridhaa ya maandishi ya mtumishi.

Endapo mwombaji hakujibu maswali, au mwajiri hana jema analoweza kulishuhudia, barua inaweza kuishia kwenye taarifa: jina, vyeo na tarehe. Ni vyema mwombaji aelezwe mapema kuwa hiyo ndiyo barua atakayoipata, ili atafute mdhamini mwingine aliyemsimamia kwa karibu. Kumsifu mtu kwa jambo ambalo hukuliona kunaweza kufichuka kwa swali moja la simu kutoka kwa mwajiri mpya. Kwa sababu hiyo, nakala ya barua ihifadhiwe katika jalada, na anayepokea simu aisome kabla ya kujibu.

Kwa upande wa waombaji, ombi kamili huwa na mambo matano: cheo ulichoshika, tarehe za kuanza na kumaliza, kazi unayoomba, jina la mpokeaji wa barua pamoja na siku ya mwisho, na mambo mawili au matatu ambayo msimamizi wako aliyaona kwa macho yake. Yote hayo yanatosha katika ujumbe mmoja wa simu.