Kopo la Siagi ya Karanga na Madaraja Yake

Tuseme mama mmoja wa Dodoma anasaga siagi ya karanga nyumbani kwake, anaijaza kwenye makopo na kubandika lebo yenye neno Kichuguu. Siagi inatoka. Sasa anataka kufungasha na asali kwa lebo hiyohiyo. Leseni anayo, jina la biashara amelisajili BRELA, na anaamini Kichuguu ni mali yake.

Bado. Jina la biashara linaonyesha ni nani anayefanya biashara. Haki ya kumzuia mtu mwingine asiandike Kichuguu kwenye kopo lake inatokana na kusajili alama ya biashara. Hayo ni maombi mengine, ingawa nayo yanapelekwa BRELA, kupitia mfumo wake wa mtandaoni uitwao ORS.

Neno lenyewe amelichagua vizuri, kwa sababu kichuguu hakisemi lolote kuhusu karanga. Angeandika Siagi Bora au Asali ya Tabora angekwama, maana kila muuzaji ana haki ya kuisifu bidhaa yake na kutaja inakotoka. Kabla ya kuomba, aombe kwanza upekuzi wa daftari la alama, ili ajue kama hakuna aliyemtangulia na neno hilo au linalofanana nalo kwa sauti.

Kisha anafika penye swali linalowaponza wengi: daraja gani? Tanzania inafuata mpangilio wa kimataifa uliozaliwa katika mkataba wa mji wa Nice, Ufaransa, mwaka 1957. Una madaraja 45: 34 ya mwanzo ni ya bidhaa, 11 yaliyobaki ni ya huduma. Mpangilio huu haujali kama vitu vimetoka jiko moja. Siagi ya karanga iko daraja la 29, pamoja na maziwa, jemu na mafuta ya kula. Asali iko la 30, pamoja na chai, kahawa, unga na viungo. Karanga mbichi, kabla hajazigusa kwa moto wala kinu, ziko la 31. Akikamua juisi ya ukwaju, hiyo ni daraja la 32.

Kosa ninaloliogopa zaidi ni lile la daraja la 35. Mtu anaona humo maneno ya biashara na matangazo, anasema, "Si ndiyo hii, mimi nafanya biashara," analichagua. Daraja hilo ni la anayetoa huduma, kwa mfano mwenye duka anayeuza bidhaa za watu. Mama wa Kichuguu akiingia humo peke yake, kopo lake la siagi linabaki nje ya daraja lake halisi. Na orodha ya bidhaa ikishapelekwa inaweza kupunguzwa, haiongezwi. Bidhaa iliyosahaulika inahitaji maombi mapya, yenye tarehe mpya.

Je, achukue madaraja mengi ili awe salama? Tanzania Bara kila daraja ni maombi yake na ada yake. Tena alama isiyotumika kwa miaka 3 mfululizo inaweza kuombewa ifutwe. Ningemshauri achukue la 29 na la 30, aiache juisi mpaka atakapoanza kuikamua.

Nembo anaielezea kama anavyomweleza mtu asiyeiona: "Neno KICHUGUU kwa herufi kubwa nzito, juu yake mchoro wa kichuguu chenye ncha tatu, chini yake karanga mbili ndani ya ganda lililopasuka." Hakuna haja ya kusema kinaashiria bidii. Picha aiweke ya rangi nyeusi na nyeupe, asipoifunga kwa rangi fulani, ili kesho akibadili lebo kutoka kahawia kwenda kijani ulinzi usilegee. Na kama lebo ina maneno "siagi safi ya karanga", huenda akatakiwa kutamka kwamba hadai umiliki wa maneno hayo peke yake.

Akimaliza, mfumo unatoa ankara yenye kontroo namba, naye analipa benki au kwa simu. Ahakikishe ameona malipo yamesoma ndani ya ORS, maana maombi yasiyolipiwa hayasogei. Pia asitumie akiba yote hapo: kuna gharama za kutangaza alama na za usajili, kwa kila daraja.

Msajili akiridhika, alama inatangazwa kwenye jarida lake, na mwenye pingamizi ana siku 60. Zikipita kimya, cheti kinatolewa. Kinadumu miaka 7 tangu tarehe ya maombi, kisha kinahuishwa kwa miaka 10 kila mara. Makopo yake yakivuka kwenda Unguja, cheti hicho hakivuki nayo. Zanzibar ina sheria na msajili wake, na huko anaanza upya.