Dobi wa Nyumbani: Bei Huanzia kwenye Ndoo ya Maji

Katika miji ya Masasi na Newala, walimu, wauguzi na wafanyabiashara wengi hukosa nafasi ya kufua. Jirani mwenye beseni mbili, kamba ya kuanikia na pasi ya mkaa aweza kuwahudumia. Hata hivyo, Newala iko juu ya uwanda wa Makonde, ambako mvua hupenya mchangani haraka na maji hupandishwa kwa pampu kutoka mabondeni. Kwa sababu hiyo, anayepanga bei asitazame sabuni pekee. Aanze na maji.

Tuchukue mfano wa nguo 20 nyepesi. Zinahitaji ndoo 5 za lita 20: moja ya kufulia, na 4 za kusuuza mara mbili. Ndoo ikiuzwa shilingi 200, maji ni shilingi 1,000. Tukiongeza sabuni ya shilingi 500 na mkaa wa shilingi 1,000, gharama ni shilingi 2,500. Kwa bei ya shilingi 300 kila nguo, dobi hupokea 6,000 na kubaki na 3,500. Kiangazi ndoo ikifika shilingi 500, gharama hupanda hadi 4,000, naye hubaki na 2,000 tu kwa kazi ile ile.

Hapo ndipo kishawishi cha kusuuza mara moja huingia. Mteja atakitambua: nguo hukakamaa, nyeusi huonyesha michirizi meupe, na nyeupe hugeuka manjano chini ya pasi, kwa kuwa sabuni iliyosalia huungua. Njia ya haki ni kupatana mapema bei mbili, ya masika na ya kiangazi, au mteja alete maji yake. Dobi naye aanze na nguo nyeupe, kisha maji ya msuuzo wa mwisho yawe ya kufulia nguo za rangi. Nguo inayochuja rangi ifuliwe peke yake.

Pasi ya mkaa ipepewe nje, mbali na nguo, hadi moshi uishe, na majivu yapulizwe. Ijaribiwe kwanza juu ya kitambaa cha pamba. Kikibadilika rangi, pasi isubiri. Nguo za nailoni zipigwe mwishoni, pasi ikiwa imepoa. Suti za sufu na hariri tunashauri zisipokelewe kwa kufuliwa.

Wakati wa kupokea, pande zote mbili zihesabu nguo pamoja, zikague mifuko, na kuandika daftarini idadi, madoa, matundu, bei na siku ya kuchukua. Kila mteja apewe uzi wa rangi yake, ushonwe ndani ya ukosi au pindo. Waandike pia, kabla ya kazi kuanza, nani atalipa nguo ikiungua na kwa kiasi gani. Tundu lililoandikwa asubuhi haliwezi kuzua ugomvi jioni.