Kuifikia Mika Kabla Somo Halijaisha

Jumapili asubuhi, msomaji anasimama mbele ya waumini na kutangaza somo: kitabu cha nabii Mika, sura ya 6, mstari wa 8. Kurasa zinaanza kufunuliwa kila upande. Bibi mmoja katika benchi la mbele amefika tayari, kidole kiko juu ya mstari. Benchi la nyuma, kijana aliyeanza darasa la ubatizo mwezi uliopita bado anapekua. Amepita Isaya, amerudi Ayubu, amekwenda tena mbele na kujikuta kwa Mathayo. Somo lenyewe ni la mstari mmoja tu. Anapofungua ukurasa wa yaliyomo mwanzoni mwa Biblia, wenzake wameshafunga zao.

Yule bibi hajakariri namba za kurasa, na hata angezikariri zisingemfaa, kwa sababu kila toleo lina kurasa zake. Anachokijua ni mpangilio. Biblia ni maktaba ya vitabu vingi vilivyoshonwa pamoja, na vitabu hivyo vimepangwa kwa aina zake. Aliyeijua mipaka ya mafungu hayo hutumia macho kidogo, vidole hufanya kazi kubwa zaidi.

Biblia inayotumiwa na makanisa mengi ya Kiprotestanti ina vitabu 66: 39 vya Agano la Kale na 27 vya Agano Jipya. Hesabu hiyo humdanganya anayeanza, akadhani maagano hayo mawili yanakaribiana kwa unene. Sivyo. Agano la Kale huchukua takriban robo tatu ya kurasa zote. Ndiyo maana anayelitafuta Agano Jipya kwa kufungua katikati hujikuta mbali nalo.

Njia ya haraka ni kuigawa Biblia kwa mikono. Ifungwe, ishikwe kwa mgongo, kisha ifunguliwe katikati kabisa. Mara nyingi itafunguka kwenye Zaburi au jirani yake. Sasa zishikwe kurasa za upande wa kulia peke yake, nazo zigawanywe katikati. Hapo msomaji atakuwa mwishoni mwa manabii au mwanzoni mwa Mathayo. Akizigawa vivyo hivyo kurasa za upande wa kushoto, ataangukia karibu na mwisho wa Waamuzi, kwa Ruthu, au katika Samweli wa kwanza. Biblia ikiwa na ramani na faharasa nene nyuma, vituo hivyo husogea kidogo, lakini mtaa unabaki ule ule.

Kwa vituo hivyo vitatu, mafungu makubwa hujipanga yenyewe. Kabla ya kituo cha kushoto kuna vitabu vitano vya Torati, kuanzia Mwanzo hadi Kumbukumbu la Torati, vikifuatiwa na Yoshua na Waamuzi. Kati ya kituo hicho na Zaburi kuna habari za wafalme na za waliorudi kutoka uhamishoni, kisha Esta na Ayubu. Baada ya Zaburi zinakuja Mithali, Mhubiri na Wimbo Ulio Bora, halafu manabii, mpaka mlango wa Agano Jipya.

Kijana wetu alikosea kwa manabii. Hao wako katika makundi mawili: wakubwa na wadogo. Ukubwa huo si wa cheo, ni wa urefu wa maandishi. Isaya ana sura 66, Obadia ana sura moja tu. Wakubwa wanatangulia: Isaya, Yeremia na Maombolezo yake, Ezekieli, Danieli. Kisha wanafuata wadogo 12, na wote hao kwa pamoja hawafikii unene wa Isaya na Yeremia wakiunganishwa. Mika ni wa sita kati ya hao 12, mara tu baada ya Yona. Basi anayemtafuta Mika afungue kituo cha kulia, arudi nyuma kurasa chache kutoka Mathayo, na atazame maandishi yaliyo juu kabisa ya ukurasa. Biblia nyingi huchapa hapo jina la kitabu na sura iliyo katika ukurasa huo. Akiona Zekaria, aendelee kurudi nyuma. Akiona Amosi, amepitiliza. Mara nyingi hatua tatu zinatosha.

Agano Jipya lina ugumu wake kwa msomaji wa Kiswahili, nao uko katika silabi moja: Wa. Warumi, Wakorintho, Wagalatia, Waefeso, Wafilipi, Wakolosai, Wathesalonike, Waebrania; na huko nyuma, katika Agano la Kale, wamo Waamuzi na Wafalme. Jicho linalopita haraka huona Wa na kusimama mahali pasipo pake. Waliotayarisha vifupisho vya tafsiri ya mwaka 1952, ambayo ingali mikononi mwa Wakristo wengi, waliikata silabi hiyo. Warumi ni Rum., Waefeso ni Efe., Wafalme ni Fal., na Waamuzi ni Amu. Anayeanza anaweza kufanya vivyo hivyo kichwani: aiache Wa, alisome jina kuanzia silabi inayofuata.

Lakini Wa ina faida pia, kwa kuwa inataja watu wengi. Katika nyaraka, jina lenye Wa ni la kundi lililoandikiwa: Warumi ni barua kwa waumini wa Rumi. Timotheo, Tito na Filemoni ni mtu mmoja mmoja aliyeandikiwa. Yakobo, Petro, Yohana na Yuda, kinyume chake, ni majina ya wanaotajwa kuwa waandishi. Na hapo ndipo ulipo mpangilio wenyewe. Nyaraka zenye jina la Paulo zinaanza na zile za makanisa, kisha za watu binafsi, na katika kila kundi zinakwenda karibu kabisa kutoka ndefu hadi fupi. Warumi, yenye sura 16, iko mbele. Filemoni, ambayo ni sura moja, iko mwisho. Waebrania inafuata baada ya hizo, halafu za akina Yakobo, na Ufunuo unafunga.

Vifupisho vingine vinahitaji uangalifu. Flp. ni Wafilipi, Flm. ni Filemoni. Yn. ni Injili ya Yohana, 1 Yoh. ni waraka wake wa kwanza, Yon. ni nabii Yona. Namba inayotangulia jina huhesabu vitabu, namba inayofuata jina huhesabu sura. Kwa hiyo 1 Yoh. 3:16 na Yn. 3:16 ni mahali pawili tofauti, ingawa mtu akitamka kwa haraka yote yanasikika kama Yohana tatu kumi na sita.

Namba zenyewe husomwa hivi. Katika Flp. 4:6-7, tarakimu iliyo kabla ya nukta pacha ni sura, zinazofuata ni mistari, na kistari kinamaanisha hadi. Mkato hurukisha: Mt. 5:3,6 ni mstari wa 3 na wa 6, bila ile ya kati. Marejeo kama Mk. 4:35–5:20 yanavuka sura, yaani msomaji aanze sura ya 4 mstari wa 35 na asisimame mpaka sura ya 5 mstari wa 20. Katika ukurasa, namba ya sura huchapwa kubwa na ya mstari huwa ndogo ndani ya maandishi. Wakatoliki wengi husema aya badala ya mstari, na wazee wa Kiprotestanti husema mlango badala ya sura; maana ni ile ile.

Vitabu vitano havina namba ya sura katika marejeo mengi, kwa kuwa kila kimoja ni sura moja tu: Obadia, Filemoni, Yohana wa pili na wa tatu, na Yuda. Anayesoma Yud. 24-25 akaanza kuitafuta sura ya 24 atavuka na kuingia Ufunuo, nao unaishia sura ya 22. Mistari hiyo miwili ndiyo inayoufunga waraka wa Yuda.

Idadi ya sura husaidia kugundua kosa la masikio pia. Wagalatia na Waefeso zina sura 6 kila moja, Wafilipi na Wakolosai 4 kila moja. Aliyeandika katika daftari lake Wafilipi 6:10 ajue kuna kitu amekisikia vibaya; huenda kilichotajwa ni Waefeso.

Namba hizi hazikuandikwa na manabii wala mitume. Mgawanyo wa sura tunaoutumia leo unahusishwa na Stefano Langtoni, aliyefundisha Paris na baadaye akawa askofu mkuu wa Kantabari mwanzoni mwa karne ya 13. Mistari ya Agano Jipya ilipewa namba na mchapaji Mfaransa Roberti Etieni katika chapa yake ya mwaka 1551. Walitaka mahali paonekane upesi, na pengine mkato wao ulipita katikati ya habari. Siku sita za uumbaji zimo katika Mwanzo 1, lakini siku ya saba imeangukia Mwanzo 2:1-3. Anayeishia mwisho wa sura ya kwanza anaikosa siku ya mapumziko. Kwa hiyo baada ya kuupata mstari, inafaa macho yaangalie kidogo juu na chini yake.

Tatizo kubwa zaidi la namba liko katika Zaburi. Tafsiri ya kale ya Kigiriki iliunganisha zaburi ya 9 na ya 10 kuwa moja, na hesabu yake ikabaki nyuma ya ile ya Kiebrania kwa namba moja katika sehemu kubwa ya kitabu, mpaka zinapokutana tena kwenye ya 148. Vitabu vya ibada vya Kilatini vilifuata Kigiriki. Biblia nyingi za leo hufuata Kiebrania. Ndiyo sababu zaburi ya mchungaji, ya 23 kwa wengi, huandikwa penginepo 22(23). Anayefungua ya 22 akitarajia malisho ya majani na maji matulivu, akakuta kilio cha mtu aliyeachwa, aongeze moja.

Biblia ya Kikatoliki ina vitabu 73, kwa kuwa Agano lake la Kale lina saba zaidi: Tobiti, Yudithi, Hekima, Yoshua bin Sira, Baruku, na viwili vya Wamakabayo. Matoleo mengine huvichanganya na vingine, mengine huviweka pamoja kati ya maagano mawili, na hapo kituo cha kulia husogea. Yoshua bin Sira naye asichanganywe na Yoshua anayefuata baada ya Torati.

Yule kijana wa benchi la nyuma anaweza kujipima nyumbani kwa marejeo manne: Mik. 6:8, Flp. 4:6-7, Yud. 24-25 na Mk. 4:35–5:20. Aifunge Biblia baada ya kila moja na kuanza upya kutoka katikati, ukurasa wa yaliyomo ukiwa umefunikwa. Akikwama, asipekue ovyo. Asome jina lililo juu ya ukurasa, aseme kwa sauti ni fungu gani, kisha aamue kama anakwenda mbele au anarudi nyuma.